Sukari ipo?

"Mangi, sukari ipo?"

Sikuongeza neno. Mangi naye hakuniambia kama ipo au haipo. Alishika kikombe chake cha kuchotea, akainama kwenye kiroba, na kabla hajainuka akauliza, "Nusu au kilo?" Nikasema nusu.

Akiwa bado anapima, akaja mtoto wa kike, umri wake kama wa darasa la pili hivi, akashika nondo za dirisha la duka kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Mangi. Mama anauliza, sukari ipo?"

"Marahaba. Ipo."

"Haya."

Akageuka na kukimbia. Mangi hakushangaa, hakumwita, hata macho hakuyatoa kwenye mzani. Baadaye kidogo, nikiwa bado nasubiri chenji, mtoto alirudi na noti iliyokunjwa mkononi na kusema, "Robo."

Hakuna aliyekosea hapo. Mimi niliuliza nikachotewa, mtoto akauliza akajibiwa. Swali letu lilikuwa moja, neno kwa neno, kwenye dirisha lilelile, kwa mtu yuleyule. Kwangu lilikuwa ombi, kwa mtoto likawa swali.

Kwa wiki kadhaa sasa jambo hili linanikera, kwa sababu nadharia niliyofundishwa darasani haina nafasi nzuri ya kumweka Mangi.

## Hatua kumi za chumvi

Aliyesoma pragmatiki, taaluma ya jinsi watu wanavyotumia maneno na kuelewana, hata kidogo amekutana na chumvi. Mwaka 1975 mwanafalsafa wa Marekani John Searle alichapisha makala kuhusu vitendo uneni visivyo vya moja kwa moja, yaani kutenda jambo kama kuomba kwa maneno yenye umbo la jambo jingine, na mfano wake mkuu ulikuwa mtu aliyeketi mezani akimwuliza mwenzake, "Unaweza kunisogezea chumvi?" Kwa umbo lake hilo ni swali kuhusu uwezo. Jibu lake kamili ni ndiyo au hapana. Lakini mtu akijibu "Ndiyo" kisha akaendelea kutafuna, meza nzima itamtazama.

Swali la Searle lilikuwa hili: msikilizaji anafikaje kwenye ombi wakati alichosikia ni swali? Akaandika njia yenye hatua kumi, na mwenyewe akakiri kwamba hakuna mtu anayezipita zote akijua kuwa anazipita.

Nitazisimulia kwa mkupuo. Msikilizaji anaanza na ukweli kwamba ameulizwa kuhusu uwezo wake. Anachukulia kuwa mwenzake anazungumza kwa nia ya kueleweka, si kwa kuropoka. Hapo Searle anategemea kazi ya mwanafalsafa Paul Grice kuhusu ushirikiano katika mazungumzo. Kisha anaangalia mahali walipo. Hii ni meza ya chakula, si zahanati ambapo mtu anapimwa viungo, kwa hiyo hakuna sababu ya kuchunguza uwezo wake wa kunyanyua kichupa. Tena mwulizaji karibu hakika analijua jibu. Basi swali hili haliwezi kuwa swali tupu. Lina jambo nyuma yake.

Jambo gani? Hapo inaingia hatua ya sita, ambayo kwangu ndiyo yenye akili kuliko zote.

Kila ombi lina masharti. Mojawapo ni kwamba anayeombwa awe na uwezo wa kufanya anachoombwa. Huwezi kumwomba kwa dhati mtu aliyelala usingizi akufungulie mlango. Sasa mwulizaji wetu amegusa sharti hilohilo. Ameuliza jambo ambalo likijibiwa "ndiyo", njia ya ombi inakuwa wazi. Na kwa kuwa watu mezani hutumia chumvi na hupeana, na hakuna maelezo mengine yanayoingia akilini, hatua ya kumi inahitimisha: huyu huenda anaomba chumvi.

Uzuri wa hatua ya sita ni kwamba inaeleza kwa nini si kila swali kuhusu chumvi ni ombi. Ukimwuliza jirani yako mezani, "Hivi chumvi hii imetoka Bagamoyo?" utapata jibu, chumvi hutapata. Inaeleza pia kwa nini tunaweza kuomba kwa kugusa masharti mengine. Ombi la dhati linataka mwombaji awe anakihitaji kitu, ndiyo maana "Nataka chumvi kidogo" inatosha. Linahusu tendo ambalo msikilizaji atalifanya baadaye, ndiyo maana "Utanisogezea chumvi?" nayo inatosha. Ila kuna mpaka, na Searle aliuona. Hali ya msikilizaji unaweza kuiuliza, lakini haja yako mwenyewe huwezi kuiuliza, unaitaja tu. Hebu jaribu kumgeukia jirani yako na kumwuliza, "Je, mimi nataka chumvi?"

Nilipoirudia makala hiyo nikiwa na Mangi kichwani, mwanzoni kila kitu kilikaa sawa. Kuwapo kwa sukari ni sharti la kuuziwa sukari. Nimeuliza kuhusu sharti, Mangi kasikia ombi.

Halafu nikarudi kwenye hatua ya tatu na ya nne.

Kwenye meza ya Searle, msikilizaji anashtuka kwa sababu swali halina maana likichukuliwa kama swali. Jibu linajulikana, na hakuna anayelihitaji. Ni kasoro hiyo inayomsukuma kutafuta ombi nyuma yake. Kwenye dirisha la Mangi hakuna kasoro yoyote. Sikujua kama sukari ipo. Wiki hiyo ilikuwa imeadimika, na siku moja kabla nilijibiwa "imeisha". Swali langu lilikuwa swali halali, lenye jibu nisilolijua na nililolihitaji. Kitu cha kumshtua Mangi hakikuwapo.

Na bado alichota.

## Labda ni nahau tu

Kuna njia ya mkato, na wapo walioipita kabla ya Searle kuchapisha makala yake. Mwanaisimu Jerrold Sadock, katika kitabu cha mwaka 1974, alitetea wazo kwamba baadhi ya maneno haya yamekwisha kuwa kama nahau. Maana ya ombi imeshafungwa ndani ya sentensi, kama maana ya uzee ilivyofungwa ndani ya "amekula chumvi nyingi". Hakuna anayepiga hesabu. Unasikia, unaelewa, basi.

Wazo hili linavutia kwa sababu linaendana na jinsi tunavyojisikia. Nani anapiga hatua kumi kichwani huku ubwabwa unapoa?

Lakini angalia jinsi nahau inavyojibiwa. Mtu akikuambia kuwa babu yake amekula chumvi nyingi, humwambii, "Pole, daktari hakumkataza?" Ukisema hivyo unafanya utani, na utani wenyewe unakolea kwa sababu maana ya neno kwa neno imeshakufa na wewe umeifukua. Kwa swali la uwezo mambo ni tofauti. Mtu akiulizwa, "Unaweza kunishikia mtoto kidogo?" akajibu, "Naweza, mlete," hajafanya utani wowote. Amejibu swali na amekubali ombi, vyote kwa pamoja, na hakuna anayecheka.

Swali bado liko hai.

Hata uhuni wa watoto unathibitisha. Mtoto anaulizwa, "Unaweza kuzima taa?" naye anasema "Naweza" na kubaki kitandani anacheka. Ule ni ukorofi, tena ukorofi wenye ujuzi. Mtoto huyo anajua kuna mambo mawili kwenye swali, ametimiza moja na kulikalia la pili. Kwenye nahau angekosa mahali pa kushika.

## Simu za California

Aliyeliendea jambo hili kwa namna ninayoipenda ni Herbert Clark, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford. Badala ya kukaa ofisini akiwaza mtu mezani atafanya nini, alipanga wapiga simu wawapigie wenye maduka na mikahawa, waulize swali moja fupi, na waandike kila neno la jibu. Wenye maduka walidhani ni wateja. Matokeo yalichapishwa mwaka 1979.

Swali mojawapo lilikuwa la aina ya, "Unaweza kuniambia mnafunga saa ngapi leo?" Wengine walijibu, "Saa kumi na mbili." Wengine wakajibu, "Ndiyo, saa kumi na mbili." Ile "ndiyo" ndiyo iliyomshughulisha Clark. Kama swali la uwezo ni ganda tupu, "ndiyo" inajibu nini? Mpangilio nao una kanuni yake: jibu la swali linatangulia, la ombi linafuata. Hakuna anayesema, "Saa kumi na mbili, na ndiyo, naweza kukuambia."

Kwa hiyo akilini mwa mwenye duka maana zote mbili zimefika. Kinachobaki ni kuamua aitikie moja au zote mbili.

Jaribio lake jingine ndilo lililonifanya nimwone Mangi upya. Wapiga simu waliuliza mikahawa kuhusu kadi za benki, kwa namna tofauti. Ukiuliza, "Mnapokea kadi ya Amerikani Ekspresi?" unapata jibu la ndiyo au hapana, basi. Ukiuliza, "Mnapokea kadi za mkopo?" baadhi yao wanaanza kukutajia wanazozipokea. Ukiuliza, "Mnapokea kadi za aina yoyote?" watajao majina wanaongezeka.

Umbo la maswali hayo matatu ni lilelile, ndiyo au hapana. Hakuna lililo la ajabu wala lenye jibu linalojulikana. Kilichobadilika ni picha ya mtu aliye upande wa pili wa simu. Aliyetaja kadi moja anayo hiyo moja mfukoni, na "ndiyo" inammaliza. Aliyesema "aina yoyote" huenda anazo kadhaa, na akijibiwa "ndiyo" tu, lazima aulize tena, "Zipi?" Mwenye mkahawa analiona swali hilo la pili linakuja na kulijibu kabla halijatamkwa.

Huyu hachunguzi kama sentensi ina kasoro. Anatazama mwulizaji anakwenda wapi.

Nikarudi dirishani kwa Mangi. Mimi nilikuwa mtu mzima, mfuko begani, noti ya elfu tano tayari iko juu ya ubao. Ningejibiwa "Ipo", hatua yangu iliyofuata ilikuwa wazi kama mchana. Mtoto alikuwa ameshika nondo kwa mikono miwili, na mikono iliyoshika nondo haina hela. Tena alianza na "Mama anauliza". Safari ya sukari ile haikuwa mikononi mwake. Ilikuwa nyumbani, kwa mtu aliyetaka kujua kwanza kabla hajatoa hela.

## Zamu ya tatu

Kumbe kuna waliokwisha kuchunguza maongezi ya dukani kwa jicho hilohilo. Marilyn Merritt, katika makala ya mwaka 1976, alirekodi wateja na wauzaji na kutazama jinsi maswali yanavyofuatana. Mfano wake mmoja unajulikana sana. Mteja anauliza, "Una Marlboro?" Mwuzaji anajibu, "Ndiyo. Za pakiti ngumu au laini?"

Huyo ni Mangi kabisa, kasoro nondo.

Mwaka 1983 mwanaisimu Stephen Levinson akaichukua mifano ya namna hiyo na kuigeuza kuwa hoja dhidi ya nadharia nzima ya ombi lililofichwa. Anasema tuache kuangalia sentensi peke yake, tuangalie zamu. Yakienda polepole, maongezi ya dukani yana zamu nne:

"Sukari ipo?"
"Ipo."
"Naomba nusu."
"Hii hapa."

Zamu ya kwanza inasafisha njia. Sitaki kuomba nusu kilo ya kitu kisichokuwapo, kwa kuwa nitakataliwa, na Mangi hataki kunikatalia. Zamu ya pili inasema njia nyeupe. Ombi lenyewe ni zamu ya tatu. Sasa, watu wawili wakielewana, na zamu ya tatu ikiwa inaonekana waziwazi inakuja, mwuzaji anairuka. Anajibu jambo ambalo halijasemwa. Levinson anasema hata lile swali la chumvi lina asili hiyo, ni zamu ya kwanza ambayo tumezoea kuijibu kwa zamu ya nne.

Nilivyoisoma hoja hii mara ya kwanza, zamani, niliiona kama mchezo wa kuhesabu tu. Safari hii ilinikamata, kwa sababu inamweleza mtoto.

Kwa Searle, mtoto ni tatizo. Maneno ni yaleyale, sharti lililoguswa ni lilelile, na lazima tutafute sababu ya ombi kutokuwapo. Kwa Levinson hakuna la kutafuta. Mtoto alifungua zamu ya kwanza, Mangi akajibu ya pili na kusimama hapo, kwa kuwa mwenye zamu ya tatu alikuwa nyumbani anatafuta noti. Zamu hiyo ilikuja baadaye kwa miguu ya mtoto yuleyule: "Robo." Maongezi ya mtoto yalikuwa kamili. Yangu ndiyo yaliyokatwa katikati.

Na hili linageuza swali zima. Nilikuwa nikijiuliza ombi linaingiaje ndani ya swali. Pengine haliingii. Swali ni swali, na msikilizaji mwungwana analifuata hadi linakokwenda.

## Kikwazo kinachochaguliwa

Bado kuna jambo. Masharti ya ombi ni mengi, kwa nini mwombaji anauliza hili na si lile? Dukani naulizia kuwapo kwa kitu. Simuulizi Mangi, "Unaweza kuniuzia sukari?" Labda niwe nimekwenda saa ya kufunga, mlango nusu umeshushwa. Saa hiyo swali hilo linafaa kabisa.

Ellen Francik na Herbert Clark mwaka 1985, na Raymond Gibbs mwaka uliofuata, walionyesha kwamba watu wanaunda maombi kwa kukisia kikwazo kikubwa zaidi kilicho mbele ya anayeombwa, kisha wanauliza kuhusu hicho. Gibbs alionyesha pia kuwa ombi linalotaja kikwazo halisi cha hali ile husomwa na kueleweka haraka kuliko lisilokitaja. Ukimsimamisha mtu usiyemjua kumwuliza njia, kikwazo kikubwa ni kwamba huenda haijui, ndiyo maana unaanza na, "Samahani kaka, unaifahamu zahanati ya hapa?" Hakuna mtu anayejibu "Naifahamu" na kuendelea na safari yake.

Kwetu mfano ulioiva ni mkopo.

"Mjomba, unaweza kunipiga jeki elfu hamsini mpaka mwisho wa mwezi?"

Hapa "unaweza" inafanya kazi yake yote. Mwombaji haujui mfuko wa mjomba. Lakini tazama pia inampa mjomba mlango wa kutokea. Akijibu, "Mjomba wangu, mwezi huu umenikalia vibaya," amejibu swali la uwezo, na swali la kama anataka halijaguswa. Wote wawili wanaweza kukutana msibani wiki ijayo bila kinyongo. Sasa fikiria mpwa angeuliza, "Mjomba, unataka kunikopesha?" Kuuliza utashi ni kumfungia mjomba kwenye chumba kisicho na dirisha. "Hapana" ya hapo ni hapana ya undugu. Sijamsikia mtu mwenye akili timamu akiomba hivyo.

Kwa hiyo mwombaji anachagua kikwazo ambacho mwombwa anaweza kukikiri bila aibu. Nadhani hili ndilo linaloifanya njia hii ionekane ya heshima. Watu husema ni heshima kwa sababu ni ya mzunguko, nami siamini. Mzunguko mrefu unaweza kuwa kero kuliko amri. Mtu anayekaa sebuleni kwako akirudia "Leo jua ni kali, koo limekauka kabisa" anakupa kazi ya kumfumbua, na unajikuta ukitamani aseme tu, "Naomba maji." Shoshana Blum-Kulka aliliona hilo alipolinganisha wasemaji wa Kiebrania na wa Kiingereza mwaka 1987: fumbo halikushika nafasi ya kwanza kwa adabu, ingawa ndilo lililo mbali zaidi na ombi la wazi.

Kuna mahali uchaguzi wa kikwazo unaharibika kabisa, na kila aliyelelewa kwetu anapajua. Mgeni amefika saa saba mchana. Mwenyeji anasimama mlangoni mwa jiko na kuuliza, "Utakula?"

Kwa umbo, hayo ni makaribisho. Ameuliza sharti la utoaji, kwamba mgeni awe anataka. Lakini ni sharti ambalo mgeni hawezi kulikiri. Akisema "Ndiyo, nina njaa" amejidhalilisha. Kilichobaki ni "Hapana, nimeshiba, asante", hata kama tangu asubuhi ana kikombe kimoja cha chai tumboni. Ndiyo maana bibi zetu walituonya mgeni haulizwi, anapakuliwa. Mwenyeji anayejua hutandika mkeka, analeta maji ya kunawa, anasema "Karibu". Zamu ya kwanza imerukwa kwa sababu jibu lake halina ukweli.

Na simu zimeleta jipya. Ujumbe unaingia saa tatu usiku kutoka kwa mtu mliyepotezana: "Upo?"

Umekwenda nyuma kuliko sharti lolote la Searle. Hauulizi uwezo, hauulizi utashi, unauliza kama yupo wa kuulizwa. Lakini mpokeaji ameshazihesabu zamu zote zinazofuata, mpaka ile ya elfu hamsini, na ndiyo sababu anausomea juujuu bila kuufungua, ili zile alama zisibadilike rangi. Kukaa kimya kwake ni kukataa zamu ya nne ya maongezi ambayo zamu yake ya pili haijafika.

## Chumvi yenyewe

Hapa sina budi kurudi mezani, kwa sababu kuna kitu Levinson hakinimalizii.

Kikwazo cha chumvi ni kipi? Jirani yangu ana mikono, kichupa kiko mbele yake, hana sababu ya kunyima. Hakuna cha kusafisha njia. Anayeuliza "Unaweza kunisogezea chumvi?" hapo hakisii kikwazo chochote, anafuata desturi ya lugha yake. Na desturi hiyo haipo kila mahali. Anna Wierzbicka, mwaka 1985, aliwalaumu wanaisimu kwa kuchukua tabia ya Waingereza na kuiita mantiki ya binadamu wote. Kwa Kipolandi, lugha yake ya kuzaliwa, alionyesha kuwa kuomba kwa kuuliza uwezo si njia ya kawaida kama ilivyo kwa Kiingereza.

Nyumbani kwetu nako sijawahi kulisikia swali hilo mezani. Dar es Salaam utasikia "Naomba chumvi" au "Nisogezee chumvi hiyo, dada." Nairobi utasikia "Nisaidie na chumvi." Yote ni maombi ya wazi, hayana cha kufumbua, na hakuna anayeyaona ya kijeuri. "Unaweza" tunaitunza kwa mambo yenye mashaka ya kweli: hela, muda, kubeba mzigo, kumpokea mtoto shuleni. Ndiyo sababu mtu akiitumia kwa chumvi inasikika kama filamu iliyotafsiriwa.

Kwa wanaoitumia kila siku, maelezo ninayoyaona bora ni ya Jerry Morgan, wa mwaka 1978. Anasema njia ya Searle ipo, na anayetaka anaweza kuipita hatua kwa hatua, lakini kwa mazoea imekatwa kati: unaingia mwanzo na kutokea mwisho bila kupita katikati. Majaribio ya Gibbs ya mwaka 1979 yanakubaliana naye. Sentensi kama ile, ikiwekwa ndani ya kisa kinachoelekea kwenye ombi, wasomaji waliielewa kama ombi bila kuchelewa kokote kuliko walipotakiwa kuielewa kama swali tupu. Katikati hapakupitwa.

Hata hivyo, katikati hapajafutwa, na hapahitaji mengi kufunguka tena. Meza iwe ileile, chumvi ileile, na anayeulizwa awe jamaa aliyevunjika mkono wa kulia, plasta mpaka kwenye kiwiko. "Unaweza kunisogezea chumvi?" Mara moja uwezo unakuwa jambo la kuulizwa. Jamaa hatakaa kimya akaisogeza tu. Atajibu swali kwanza, kisha ombi, kwa mpangilio uleule wa wenye maduka wa California: "Naweza," na akishaishika, "ila samahani kwa mkono wa kushoto."